Vipimo Viwili vya Nairobi na Pesa za Majani Chai

Mauzo ya hisa za Safaricom yalifunguliwa tarehe 28 Machi 2008, mwezi mmoja tu baada ya Mwai Kibaki na Raila Odinga kutia sahihi mkataba wa kumaliza ghasia za uchaguzi. Serikali ilikuwa inauza hisa bilioni 10, robo ya kampuni nzima, kwa shilingi 5 kila moja. Kima cha chini cha kununua kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000, fedha ambazo mkulima wa chai mwenye miche ya kutosha angeweza kuzipata bila kuuza ng'ombe. Wengine waliuza ng'ombe hata hivyo. Benki nazo zilikuwa zinakopesha watu wa kununua hisa, na foleni zikajaa mpaka nje ya milango.

Kiriaini, pale Mathioya, kwenye barabara inayopanda kutoka Murang'a kwenda Othaya, haikubaki nyuma. Huo ni mji wa majani chai na kahawa, na hesabu za watu wake hufuata kalenda ya majani: malipo madogo ya kila mwezi, kisha bonasi mara moja kwa mwaka. Hisa zilikuwa si jambo geni tena. Miaka miwili kabla, mwezi Aprili 2006, serikali ilikuwa imeuza hisa za KenGen kwa shilingi 11.90, na zilipoanza kuuzwa sokoni mwezi Mei bei ilikuwa imeshapita mara tatu ya hiyo. Mwezi Agosti mwaka huohuo benki ya Equity, iliyoanza mwaka 1984 kama chama cha kukopesha wajenzi pale Kangema, mji wa jirani kabisa, iliorodheshwa kwenye soko la hisa. Mtu wa Kiriaini hakuhitaji kuhubiriwa. Alikuwa amemwona jirani yake aliyenunua KenGen akiezeka nyumba upya.

Maombi ya Safaricom yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara tano. Hisa zilianza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni 2008, zikapita shilingi 7, na wengi wakaamini kwamba KenGen imejirudia. Kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa imeshuka chini ya zile 5 za mwanzo. Mapema mwaka 2009 ilikuwa chini ya 3.

Lawama zilielekezwa kwa kila mtu: serikali, wanasiasa, mgogoro wa benki za Amerika. Huo mgogoro ulichangia, hilo halina ubishi. Ila kuna kitu kilichokuwa kimeandikwa wazi katika kurasa za bei za magazeti kabla hata mauzo hayajafunguliwa, na aliyekuwa na penseli na subira angekisoma. Mwelekeo mkuu wa soko la Nairobi ulikuwa umeshageuka tangu Januari 2008. Ili kueleza mtu angejuaje, inabidi tumtembelee mwandishi mmoja wa magazeti wa New York aliyefariki mwaka 1902.

Charles Dow alizaliwa mwaka 1851, mtoto wa mkulima huko Connecticut. Mwaka 1882 yeye na Edward Jones na Charles Bergstresser walianzisha kampuni ya kuuza habari za biashara, na mwezi Julai 1884 akachapisha kitu ambacho hakikuwahi kuonekana: wastani mmoja wa bei za hisa 11, tisa kati yake zikiwa za kampuni za reli. Mpaka wakati huo mtu aliyetaka kujua hali ya soko aliambiwa hisa hii imepanda, ile imeshuka, basi akae nayo. Dow alitoa tarakimu moja kwa siku. Mwezi Mei 1896 akaongeza wastani wa pili, wa kampuni 12 za viwanda, huku ule wa reli ukiendelea kando. Kati ya 1899 na kifo chake aliandika tahariri katika gazeti lake, The Wall Street Journal, akieleza alichokiona kwenye tarakimu hizo. Kitabu hakuandika. Jina la nadharia ya Dow lilitoka kwa S. A. Nelson aliyekusanya tahariri hizo baada ya yeye kufa, kisha William Peter Hamilton na Robert Rhea wakazipanga ziwe kanuni.

Dow alisema soko lina miendo mitatu kwa wakati mmoja. Upo mwelekeo mkuu, unaodumu mwaka au miaka kadhaa. Juu yake upo mwelekeo wa pili, unaoenda kinyume kwa wiki kadhaa au miezi michache, na kwa kawaida hurudisha kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya hatua iliyotangulia. Halafu zipo pilikapilika za siku kwa siku, ambazo aliona hazifai kumkosesha mtu usingizi. Mfano alioutumia mwenyewe mtu wa Lamu au Pemba angeuelewa bila mwalimu: ukitaka kujua kama maji yanajaa au yanakupwa, chomeka kijiti mchangani pale wimbi lilipofika. Wimbi linalofuata likikipita kijiti, maji bado yanajaa. Mawimbi yakianza kuishia chini ya kijiti, moja baada ya jingine, bahari imegeuka, hata kama kila wimbi kwa wakati wake linakuja kwa kishindo.

Soko la Nairobi lina kijiti chake tangu miaka ya sitini. Lenyewe liliundwa rasmi mwaka 1954 chini ya sheria ya vyama, wakati Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kununua hisa humo mpaka baada ya uhuru. Kipimo kinachoitwa NSE 20 huchukua kampuni 20 na kuzipa zote uzito sawa kupitia hesabu ya wastani wa kijiometri. Tarehe 18 Februari 1994 kilifika 5,030, kisha kikaanza kuporomoka taratibu kwa miaka minane. Mwaka 2002 kilifungwa kikiwa 1,363. Desemba hiyohiyo Kibaki, mbunge wa Othaya, mwendo mfupi wa matatu kutoka Kiriaini, alichaguliwa kuwa rais, na mwaka uliofuata kipimo kikapanda maradufu: 2,738 kufikia Desemba 2003.

Hapa ndipo panapofaa kutuliza macho. Mwisho wa Februari 2004 kipimo kilisimama karibu na 3,175. Baadaye kikaanza kushuka, mwezi baada ya mwezi, hadi 2,640 mwisho wa Juni. Kutoka 1,363 hadi 3,175 kilikuwa kimepanda pointi 1,812. Sasa kimerudisha 535, pungufu kidogo ya theluthi moja. Magazeti yalisema sherehe za serikali mpya zimekwisha. Mfuasi wa Dow hakuwa na la kusema ila kusubiri, kwa sababu mshuko wa namna hiyo ni mwelekeo wa pili mpaka uthibitike vinginevyo. Kijiti chake kilikuwa 3,175. Mapema mwaka 2005 kipimo kilikipita, na mwaka ukafungwa kwenye 3,973. Kumbe maji yalikuwa bado yanajaa.

Yakaendelea kujaa mpaka tarehe 12 Januari 2007, NSE 20 ilipogusa 6,161. Halafu ikashuka, na mwisho wa Mei ilikuwa karibu na 5,000. Ukipima kuanzia lile shimo la Juni 2004, kipimo kilikuwa kimepanda pointi 3,520 na sasa kimerudisha kama 1,160. Theluthi moja tena! Ukiitazama 2004 na 2007 kwa kina cha mshuko peke yake, huwezi kuzitofautisha, na nafikiri hapa ndipo watu wengi wanaposoma Dow vibaya. Wanatafuta tarakimu itakayowaambia mshuko huu ni mdogo au mkubwa. Kina hakisemi. Kinachosema ni kile kinachofuata baada ya mshuko: je, wimbi linalorudi linakipita kijiti au halikipiti?

Mwaka 2007 halikukipita. Kipimo kilipanda mpaka 5,372 mwisho wa Agosti, kikashuka karibu na 4,970 mwisho wa Oktoba, kikapanda tena mpaka 5,445 mwisho wa Desemba. Kilele cha 6,161 kilikuwa mbali juu. Kufikia hapo mfuasi wa Dow ana wasiwasi, ila hana uamuzi, kwa sababu kanuni inasema mwelekeo mkuu huhesabiwa kuwa hai mpaka utoe ishara kamili ya kufa. Ishara kamili ina sehemu mbili: kilele kilicho chini ya kilele kilichotangulia, kisha shimo lililo chini ya shimo lililotangulia. Kilele cha chini kilikuwa kimeshapatikana. Kilibaki kijiti cha upande wa pili, lile shimo la Oktoba, ambalo lenyewe lilipita la Mei kwa pointi chache mno kuhesabiwa ishara.

Uchaguzi ukafanyika tarehe 27 Desemba 2007, na kilichofuata kinajulikana. Mwisho wa Januari 2008 kipimo kilikuwa 4,713, chini ya shimo la Oktoba. Ishara ilikuwa imekamilika. Kisha, kama inavyotokea mara nyingi, soko likapanda tena: mkataba ukatiwa sahihi, Safaricom ikatangazwa, na mwisho wa Aprili, siku chache baada ya foleni kufungwa, kipimo kikafika 5,336. Nchi nzima iliona soko limepona. Kwa mwenye daftari, hicho kilikuwa kilele kingine, nacho kiko chini ya cha Desemba kilicho chini ya cha Januari 2007. Mpando wa Februari hadi Aprili 2008 ulikuwa mwelekeo wa pili ndani ya mwelekeo mkuu wa kushuka, na ndani ya mpando huo ndimo pesa za majani za Mathioya zilipoingia. Mwisho wa Februari 2009 kipimo kilikuwa kimebaki 2,475.

Hamilton na Rhea walisema soko linalopanda hupitia awamu tatu: kwanza wachache wananunua watu wakiwa wamekata tamaa, kisha habari njema zinaonekana na wengi wanaingia, mwishowe kila mtu ananunua kwa sababu kila mtu ananunua. Kwa Nairobi awamu hizo zinakaa vizuri juu ya miaka ya 2002, 2005 na 2006. Mtu wa Kiriaini aliingia katika ya tatu, au baada yake. Sisemi hivyo kwa kumcheka. Kabla ya hapo hisa ziliuzwa na madalali wachache wenye ofisi Nairobi, kwa vyeti vya karatasi. Akaunti za kielektroniki za CDS zilianza mwishoni mwa 2004, na mauzo kwa kompyuta yakaanza Septemba 2006. Mlango ulipofunguliwa kwake, karamu ilikuwa imeshafika kwenye kusafisha sahani.

Nimeeleza hayo yote kwa kipimo kimoja, na Dow asingeridhika. Kanuni yake maarufu kuliko zote inataka viwili. Wastani wa viwanda ukivuka kilele chake, usiamini mpaka wastani wa reli nao uvuke chake. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara kabisa. Kiwanda kikitengeneza bidhaa nyingi na bidhaa hizo zikauzwa kweli, lazima zisafirishwe, na reli itapata mapato. Kama hisa za viwanda zinapanda na za reli zimelala, huenda bidhaa zinarundikana ghalani. Vipimo viwili vilikuwa mashahidi wawili waliosimama sehemu tofauti za tukio moja.

Nairobi ilipata shahidi wake wa pili mwezi Februari 2008, katikati ya misukosuko hiyohiyo. Kipimo kipya kiliitwa NASI, kikajumuisha kampuni zote zilizoorodheshwa, na tarehe 1 Januari 2008 ikahesabiwa kuwa 100. Tofauti yake na NSE 20 si idadi ya kampuni tu. NASI huipa kila kampuni uzito kulingana na thamani yake yote sokoni. Safaricom ilipoingia na hisa zake bilioni 40, ikawa imekalia kipimo hicho kama mtu mnene kwenye kiti cha matatu.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kiriaini, ambaye alipoteza katika Safaricom mwaka 2008 na badala ya kununa akaanza kusoma, alinionyesha daftari lake la mistari. Kila ukurasa una safu mbili, NSE 20 kushoto na NASI kulia, tarakimu za mwisho wa mwezi, kwa kalamu ya bluu. Kilele kikivukwa hupigiwa mstari mwekundu.

"Mwalimu," nikamwuliza, "mbona upande wa kulia una mistari myekundu mingi na wa kushoto hauna?"

"Hilo ndilo swali," akasema. "Anza 2015."

Mapema mwaka 2015 vipimo vyote viwili vilikuwa vimefika juu pamoja: NSE 20 karibu na 5,500, NASI juu kidogo ya 175. Vikashuka pamoja mwaka huo na uliofuata, hasa baada ya sheria ya kudhibiti riba za mikopo ya Agosti 2016 kuziumiza benki. Mpaka hapo mashahidi wanakubaliana: mwelekeo mkuu ni wa kushuka. Kisha mwaka 2017 soko likapanda, na kufikia mwisho wa Machi 2018 NASI ilikuwa juu ya 190, imekipita kile kijiti cha 2015. Magazeti yakaandika kwamba soko limevunja rekodi. Siku hizohizo NSE 20 ilikuwa chini ya 4,000. Ili kuthibitisha ilihitaji kuvuka 5,500, na haikukaribia. Kwa kanuni ya Dow hapakuwa na soko linalopanda. Palikuwa na shahidi mmoja anayepiga kelele. Mwaka ulipofungwa NASI ilikuwa imeanguka mpaka 140 na NSE 20 mpaka 2,834.

Mwaka 2019 ndio wa ajabu zaidi, na ndio niliomwomba Mwalimu tuuchambue mpaka mwisho. NASI ilipanda kutoka 140.4 hadi 166.4, zaidi ya asilimia 18. NSE 20 ilishuka kutoka 2,834 hadi 2,654, kama asilimia 6. Soko moja, mwaka mmoja, na vipimo viwili vinaenda njia tofauti. Maelezo yako katika hisa moja. Safaricom ilianza mwaka ikiwa shilingi 22.20 na kuumaliza ikiwa 31.50, mpando wa asilimia 42. Mwanzoni mwa mwaka thamani yake ilikuwa kama asilimia 42 ya soko zima. Zidisha: asilimia 42 ya 42 ni karibu 18. Yaani kampuni moja peke yake ingeweza kubeba karibu mpando wote wa NASI. Benki kubwa kama Equity na KCB zilipanda pia, hasa baada ya sheria ya riba kufutwa mwezi Novemba, lakini kina Bamburi na Kenya Power walikuwa wanateremka na kuufuta mchango huo.

Mwalimu ana mfano wake wa kuonyesha jinsi hesabu inavyofanya hivyo, na ni mzuri kuliko maelezo yangu. Chukua soko la kampuni 20. Moja ina thamani ya asilimia 60 ya soko lote, zile 19 zinagawana 40 iliyobaki. Ile kubwa ipande kwa asilimia 20, na kila moja ya nyingine ishuke kwa asilimia 10. Kipimo cha uzito wa thamani kitasema: 60 mara 20, toa 40 mara 10, soko limepanda kwa asilimia 8. Kipimo cha uzito sawa kitaihesabu ile kubwa kuwa moja kati ya ishirini tu, na kitasema soko limeshuka kwa karibu asilimia 9. Vyote viwili vimesema kweli. Kimoja kimeeleza utajiri wa soko uko wapi, kingine kimeeleza kampuni ya kawaida inaendeleaje.

Kwa hiyo hapa nina ugomvi kidogo na wale wanaochukua kanuni ya Dow na kuibandika Nairobi bila kuibadilisha. NSE 20 na NASI si viwanda na reli. Kampuni zote za NSE 20 zimo pia katika NASI, na vipimo hivyo vinazitazama tu kwa miwani tofauti. Havitathibitisha kamwe kwamba kilichotengenezwa kimesafirishwa. Vinaweza kuthibitisha jambo jingine, dogo zaidi ila lenye faida: kama mpando unabebwa na wengi au na mmoja. NSE 25 iliyoanzishwa mwaka 2015 na NSE 10 ya mwaka 2023 havikuongeza shahidi, kwa sababu navyo vimetokana na kampuni zilezile kubwa.

Mwalimu alijaribu kutafuta shahidi wa kweli karibu na nyumbani. Akaongeza safu ya tatu, bei ya chai katika mnada wa Mombasa. Mathioya huzalisha, malori hubeba, Mombasa huuza. Aliona hapo pana kitu kama reli ya Dow. Baada ya muda akaifuta safu hiyo, na sababu yake inafaa kuelezwa. Chai huuzwa mnadani kwa dola. Shilingi ilipodhoofika mwaka 2023 hadi dola moja ikakaribia shilingi 160, kila dola ya chai ilirudi Kiriaini ikiwa na shilingi nyingi zaidi. Udhaifu huohuo wa shilingi ndio uliowafanya wawekezaji wa kigeni, waliokuwa wanashika sehemu kubwa ya mauzo ya kila siku Nairobi, kuuza hisa na kuondoka. Chai na hisa zilivutwa na kamba moja kuelekea pande mbili tofauti. Shahidi wa namna hiyo atapinga karibu kila mara, na upinzani wake haufundishi chochote.

Mtihani mzuri wa vile vipimo viwili ulikuja baada ya korona. Tarehe 13 Machi 2020, siku kisa cha kwanza kilipotangazwa Kenya, mauzo yalisimamishwa kwa muda baada ya NSE 20 kuanguka zaidi ya asilimia 5. Kufikia Agosti na Septemba 2021 Safaricom ilikuwa imepanda mpaka karibu na shilingi 45, na NASI ilikuwa juu ya 180. NSE 20 ilikuwa inahangaika karibu na 2,000, chini sana ya ilipokuwa kabla ya korona. Kwa mara ya tatu katika miaka minne upande wa kulia wa daftari ulishangilia peke yake. Safari hii Safaricom ilipogeuka haikuwa na wa kuishika mkono: ilimaliza 2022 ikiwa shilingi 24.15, na 2023 ikiwa 13.90. NASI ilifunga mwaka 2023 kwenye 92, chini ya ile 100 iliyoanzia karibu miaka 16 nyuma. NSE 20 ilifunga 1,501.

Mwaka 2024 vikafanya kitu ambacho vilikuwa havijakifanya kwa muda mrefu. Serikali ilinunua sehemu ya deni lake la Eurobond mwezi Februari, hofu ya kushindwa kulipa ikapungua, shilingi ikapata nguvu na kurudi karibu na 130 kwa dola. Kufikia mwisho wa Machi NASI ilikuwa imepanda mpaka 113, NSE 20 mpaka 1,750 na ushei. Kisha yakaja maandamano ya Juni dhidi ya mswada wa fedha, na vyote viwili vikateleza. Wengi walisema mpando umekufa. Mwisho wa Juni NASI ilikuwa 109 na NSE 20 karibu 1,660, na hakuna kimoja kilichorudi kwenye shimo la Desemba. Mwalimu aliandika ubavuni mwa ukurasa neno moja, "pili", akimaanisha mwelekeo wa pili. Mwaka ulipofungwa NASI ilikuwa 123.5 na NSE 20 ilikuwa 2,011. Vijiti vyote viwili vya Machi vilikuwa vimepitwa, na ukipiga hesabu ya mwaka mzima, kila kimoja kimepanda kwa asilimia 34. Kampuni kubwa na kampuni ya kawaida zilitembea hatua kwa hatua.

Isidhaniwe kwamba daftari la namna hii ni mashine ya pesa. Mwaka 1933 Alfred Cowles alizipitia tahariri za Hamilton za miaka 26 na kukuta kwamba aliyezifuata angepata kidogo kuliko aliyenunua hisa na kukaa kimya; kati ya mabadiliko 90 aliyoyashauri, nusu yalifaulu na nusu yakashindwa. Watafiti wa baadaye walirudia hesabu hiyo wakazingatia hatari iliyoepukwa, na wakamwona Hamilton kuwa bora kuliko alivyodai Cowles. Nairobi ina matatizo yake juu ya hayo. Hisa nyingi huuzwa kidogo sana kwa siku, na dalali mmoja mwenye oda ndogo anaweza kuisogeza bei ya kampuni iliyomo katika zile 20. Orodha yenyewe ya NSE 20 hubadilishwa, hivyo 5,500 ya 2015 na 2,011 ya 2024 hazikupimwa kwa kampuni zilezile. Halafu ishara huja imechelewa kwa asili yake. Ile ya Januari 2008 ilitoka kipimo kikiwa kimeshapoteza pointi 1,400 kutoka kileleni. Kilichobaki kuokolewa kilikuwa pointi nyingine 2,200.

Nilimwuliza Mwalimu kama alinunua mwaka 2024. Akacheka. Bonasi ya mwaka huo ilikuwa na kazi nyingine, karo ya wajukuu. Ila mwaka 2025, vipimo vyote viwili vilipoendelea kupanda, aliingia kwa kiasi alichoweza, akagawa kwa kampuni nne badala ya moja. Katika daftari alikuwa ameshachora vijiti vilivyofuata, kwa penseli maana vilikuwa bado havijavukwa: 190 upande wa NASI, na upande wa NSE 20 kile kilele cha 2018 kilichoishia chini kidogo ya 4,000. Kimoja kikivukwa peke yake, alisema, hatanunua zaidi, wala hatauza.